Mkono wa tano, kidole cha Kibu: Komenti inavyoiba shoo ya posti

DAR ES SALAAM. Novemba 5, 2023 pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga iliifunga Simba mabao 5-1. Kennedy Musonda alianza dakika ya tatu, Kibu Denis akasawazisha dakika ya tisa, na hadi mapumziko ubao ulikuwa unasoma 1-1. Kipindi cha pili ndiyo mambo yakaharibika kwa Wekundu wa Msimbazi. Maxi Nzengeli mawili, Stephane Aziz Ki moja, Pacome Zouzoua akamalizia kwa penalti. Siku mbili baadaye kocha Roberto Oliveira 'Robertinho' hakuwa tena na kazi Msimbazi.

Matokeo hayo kila mtu anayajua. Ambacho hakijaandikwa sana ni mechi ya pili iliyoanza baada ya filimbi ya mwisho, ile inayochezwa kwenye simu. Kiganja kimefunguka, vidole vitano viko hewani, chini yake mashabiki wanapishana kwa maneno. Na kila mara kuna komenti moja inayopanda juu kuliko zote, inavuna laiki kwa maelfu, na watu wanaisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp hadi aliyeweka posti anasahaulika.

Kwa nini ile moja? Mashabiki wengi watakujibu kwamba ni bahati, au mwandishi wake ana wafuasi wengi. Kuna ukweli kidogo hapo. Lakini ukikaa ukazisoma komenti za dabi moja baada ya nyingine, unaona kwamba ile ya juu ina tabia yake, na tabia hiyo inajirudia.

UTANI ULIKUWEPO KABLA YA DABI

Kwanza tuelewe kwamba utani wa tano haukuzaliwa siku ile. Agosti 2023 Yanga ya Miguel Gamondi iliifunga KMC 5-0 kwenye ligi, ikaipiga ASAS ya Djibouti 5-1 kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, kisha JKT Tanzania nayo 5-0. Mashabiki wa Jangwani wakaanza kunyoosha viganja vyao kama salamu. Simba nao hawakuwa kimya, kwa sababu mwezi huohuo walikuwa wameichukua Ngao ya Jamii kule Tanga kwa penalti 3-1 mbele ya Yanga hiyohiyo, baada ya dakika 90 za suluhu.

Kwa hiyo dabi ilipofika, mkono tayari ulikuwa na maana. Watu hawakuhitaji kuelezwa. Hili ni jambo la kwanza la kuangalia unaposoma komenti za aina hii: utani unaopokelewa haraka ni ule ambao msomaji tayari anazo funguo zake. Ukilazimika kueleza, umeshachelewa.

Sasa tutengeneze mfano, kwa sababu komenti halisi zina wenyewe na wengine wasingependa kuwekwa gazetini. Tuseme usiku ule akaunti ya mashabiki wa Yanga imeweka picha ya kiganja kilichofunguka, na juu yake maneno mawili tu: "Tunasalimia watani."

Ndani ya dakika chache komenti zinamiminika. Hizi za mwanzo zote zinafanana. Kuna wanaocheka kwa emoji, kuna wanaoandika "Tano!", wengine "5-1", wengine "Mkono huo jamani". Hakuna kosa hapo, ni watu wanapiga makofi. Lakini hakuna kati yao aliyeongeza chochote. Picha imeshasema tano, na wewe unasema tano.

Anakuja shabiki wa Simba mwenye hasira, anaandika: "Sita, 1977." Anakumbusha Julai 19 ya mwaka huo, Simba ilipoifunga Yanga 6-0, Abdallah Kibadeni akipiga hat-triki ambayo hadi leo wazee wa Msimbazi wanaihesabu kama mali ya urithi. Ni jibu zito, lina historia, na mashabiki wa Simba watalipa laiki za kutosha. Tatizo lake ni kwamba limefunga mlango. Salamu imewekwa pembeni, mkono umewekwa pembeni, tumeanza mechi nyingine. Atakayefuata atasema 5-0 ya mwaka 1968 ya Yanga, mwingine 5-0 ya Simba ya mwaka 2012, na baada ya hapo ni watu wanatupiana kalenda.

Halafu anakuja mwingine wa Simba, ametulia. Anaandika: "Waalaikum salaam. Samahani tumeitikia kwa kidole kimoja, vingine bado vinauma."

Hapo ndipo posti inapobadilika mmiliki.

NINI KIMETOKEA PALE

Angalia alichofanya. Hakubishana na utani, aliukubali. Posti ilisema ni salamu, naye akaitikia kama mtu anavyoitikia salamu. Kisha akaupeleka hatua moja mbele: kama wao wamesalimia kwa vidole vitano kwa sababu ya mabao matano, basi Simba yenye bao moja inaitikia kwa kidole kimoja. Bao la Kibu la dakika ya tisa, ambalo usiku ule kila mtu alikuwa amelisahau, limepata kazi. Na ile "vingine bado vinauma" ndiyo iliyotia chumvi, kwa sababu imemfanya mpigwaji acheke yeye mwenyewe.

Matokeo yake laiki zinatoka pande mbili. Mwana Yanga anapenda kwa sababu mtani amekiri kipigo. Mwana Simba anapenda kwa sababu kuna mmoja wao amejibu kwa akili na bila kununa. Ile ya "Sita, 1977" ilikuwa inaombea laiki upande mmoja wa uwanja, hii imezikusanya jukwaa zima. Mahesabu ni rahisi kiasi hicho.

Kitu kingine ni mlango alioacha wazi. Chini ya komenti yake watu sasa wana pa kuingilia. Mmoja atasema "Poleni, kidole chenyewe ni cha Kibu, msikichoshe." Mwingine: "Kwa hiyo leo ugali mnakula na nini?" Mwana Yanga naye atatupia: "Msijali, mkono wa pili tunao," akimaanisha mechi ya marudiano. Kila mmoja anafuata sheria ileile, mkono na vidole, na anasogeza hatua moja. Komenti ya juu imekuwa posti ndani ya posti.

Anayeharibu ni yule anayeruka hatua tatu. Ukitoka kwenye vidole ukaenda moja kwa moja kwenye hospitali, daktari, upasuaji na bima ya afya, huenda wewe unacheka peke yako. Msomaji anateleza kwa kidole gumba, anakupa sekunde mbili hivi. Asipoona uzi unaounganisha posti na maneno yako, anapita. Ndiyo maana komenti nyingi za juu ni fupi, mstari mmoja au miwili, na neno linalochekesha limewekwa mwishoni kabisa. Jaribu kuigeuza ile ya mfano: "Vingine bado vinauma, kwa hiyo tumeitikia kwa kidole kimoja." Maneno ni yaleyale karibu yote, lakini gesi imetoka, kwa sababu maumivu yamesikika kabla msomaji hajajua ni ya vidole gani.

WABRAZILI WALIPOPATA SABA

Robertinho anatoka Brazil, na huko wana namba yao ambayo imewatesa kuliko tano ya Simba. Julai 8, 2014, nusu fainali ya Kombe la Dunia pale Belo Horizonte, Ujerumani iliwafunga 7-1 kwao. Kati ya dakika ya 23 na 29 yaliingia mabao manne. Watu waliokwenda chooni walirudi wakakuta mechi imekwisha.

Kilichofuata ni somo zuri kwa mtu yeyote anayetaka kuelewa utani unavyorefushwa. Wabrazili wenyewe ndio walioushika. Ilianza kama mzaha wa kutangaza "bao la Ujerumani" kila jambo baya linapotokea: bei imepanda, bao la Ujerumani, mwanasiasa amekamatwa na kashfa, bao la Ujerumani. Wakati mabao yaliingia kwa kasi ile, hata baada ya mechi ilionekana kama hayajaacha kuingia.

Kisha wakasogeza hatua moja. Watu wakaanza kusema kila siku ina saba moja yake. Na ule uliokuwa mtamu zaidi, ambao hadi leo Mbrazili anautupia chini ya habari yoyote ya aibu kuhusu nchi yake, unasema saba moja zilikuwa chache. Yaani kwa haya tunayoyafanya, Ujerumani walituonea huruma.

Huo wa mwisho ulikaa kwa sababu ileile ya kidole kimoja. Unakubali kipigo, hautafuti refa wa kumlaumu, na unakiongeza. Tena hauna haja ya kuujua mchezo wenyewe, mtu anaweza kuutumia kwenye foleni ya benki. Utani wa kidole cha Kibu hauwezi kufika huko. Nje ya wiki ile, nje ya Tanzania, mtu atauliza Kibu ni nani. Komenti nyingi za juu ziko hivyo, zinawaka sana na zinazima mapema, na hiyo siyo aibu.

LAIKI HAZIHESABU UNACHODHANI

Hapa ndipo penye hatari, hasa kwa wanaofanya kazi ya habari. Kuna vipindi vya redio na kurasa za michezo zinazochukua komenti ya juu, zinaisoma, kisha zinasema "mashabiki wamesema". Kocha ameshindwa mechi mbili, komenti moja ya kuchekesha kuhusu koti lake ina laiki 4,000, kesho kichwa cha habari kinasema mashabiki wamemkataa. Walichofanya wale 4,000 ni kucheka koti.

Laiki kwenye utani inasema kitu kimoja tu: nimecheka. Haisemi nakubali, haisemi kocha aondoke. Shabiki aliyelaiki "vingine bado vinauma" anaweza kuwa ndiye anayetaka Robertinho abaki kuliko wote.

Pia ile nafasi ya juu haigawiwi kwa haki kama msimamo wa ligi. Programu hazianiki kanuni zake zote za kupanga komenti, lakini mambo machache yanaonekana kwa macho. Komenti yenye laiki na majibu mengi inapandishwa. Akaunti zenye majina makubwa zinapewa nafasi. Watu unaowafuata wewe wanaletwa karibu na wewe. Ndiyo maana mkifungua posti moja ya Instagram kwenye simu mbili, mnaweza kukuta komenti ya kwanza si ileile. Wewe unasema top komenti ni ile, mwenzako anasema ni nyingine, na wote mko sahihi.

Kubwa zaidi ni muda. Komenti iliyoingia mapema inaonwa na wengi, inayoonwa na wengi inalaikiwa, inayolaikiwa inapandishwa ili ionwe na wengi zaidi. Ni kama timu iliyopata bao dakika ya tatu kisha mpinzani akapewa kadi nyekundu. Inayoingia saa sita baadaye, hata iwe na akili mara mbili, inazikwa huko chini na laiki zake 11.

Kwa hiyo kabla hujasema hii ndiyo iliyoshinda, angalia umri wake. Programu huandika komenti ina saa au siku ngapi. Iliyoingia mapema ikapata laiki nyingi, hiyo ni kawaida. Iliyochelewa halafu ikapanda juu ya zilizotangulia, hiyo ndiyo yenye maajabu, kwa sababu imepanda mlima bila lifti.

Angalia pia kama imebandikwa. Instagram inamruhusu mwenye akaunti kubandika komenti hadi tatu juu ya nyingine zote, na alama yake inaonekana pale pale. Klabu zinaitumia sana, na wala si dhambi. Ila ukikuta komenti ya kwanza ina laiki chache kuliko ya tatu, na ina alama hiyo, jua admini ndiye aliyechagua mshindi.

Halafu kuna wezi. Kwenye YouTube hasa, mtu au mashine inachukua komenti iliyowahi kuchekesha, inabadilisha neno moja, inaibandika upya chini ya video nyingine au hata chini ya video ileile. Dalili yake ni kwamba maneno hayagusi posti yenyewe. Posti inaongelea salamu, komenti inaongelea mvua. Ile ya kweli ya kurefusha utani huwezi kuihamisha bila kuivunja. Ukiing'oa kwenye kile kiganja, kidole kimoja hakina maana.

VIDOLE VINA MWENYEWE

Utani wa jadi Tanzania una mipaka ambayo wazee hawakuiandika lakini waliijua. Mtani anaweza kuingia msibani akalala kwenye jeneza akisema marehemu alikuwa na deni lake, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Anaruhusiwa kwa sababu siku msiba ukiwa kwake, nao watamfanyia hivyohivyo. Utani ni wa pande mbili, na kila upande una uwezo wa kujibu.

Simba na Yanga wamerithi hiyo. Tano kwa sita, klabu kwa klabu, hakuna anayeumia sana, kwa sababu mwenye kipigo leo alikuwa na fimbo jana. Mwaka 2012 Simba ndiyo iliyokuwa na mkono. Mei 6 mwaka huo ilishinda 5-0, Emmanuel Okwi akifunga mawili, na penalti tatu zikawekwa na Felix Sunzu, kipa Juma Kaseja na Patrick Mafisango. Siku 11 baadaye Mafisango akafariki kwa ajali ya gari hapahapa Dar es Salaam. Tano zile ziko kwenye vitabu kama namba, lakini moja kati yake ni ya mtu ambaye hajawahi kupata muda wa kutamba nayo.

Ndiyo sababu ile komenti ya kidole inasomeka vizuri hata ukirudi kwayo baadaye. Aliyeiandika alijitania yeye na klabu yake. Angeandika kuhusu kipa, sura yake au mke wake, laiki zingekuja vilevile, huenda zaidi, na warefushaji wa chini wangefuata njia ileile: mmoja anasogeza hatua, mwingine anasogeza hatua, na kwa sababu kila mmoja amesogeza kidogo tu hakuna anayejiona mkosaji. Majibu ya ishirini tayari ni matusi. Julai 2021, baada ya England kupoteza fainali ya Euro kwa penalti, Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka walikuta kwenye akaunti zao mvua ya emoji za ubaguzi. Kila aliyetuma alituma kaalama kamoja.

Kipa aliyefungwa tano hana wa kumjibu. Hana klabu ya kurudisha utani mwaka ujao, ana jina lake peke yake na simu yake mfukoni. Unaposoma mfululizo wa majibu ya namna hii, mahali pa kuangalia ni pale utani unapohama kutoka kwenye jezi kwenda kwa mtu. Mara nyingi kuna komenti moja iliyofanya hivyo, na ukiitafuta utaiona, kwa sababu kuanzia pale hakuna tena shabiki wa upande wa pili anayecheka. Laiki zinabaki za rangi moja.

MKONO WA PILI

Mechi ya marudiano ilichezwa Aprili 20, 2024. Yanga ilishinda tena, safari hii 2-1. Aziz Ki kwa penalti na Joseph Guede, halafu Simba wakapata moja.

Rudi sasa kwenye mfano wetu. Yule mwana Yanga aliyeandika "Msijali, mkono wa pili tunao" amekaa pale tangu Novemba. Usiku wa Aprili 20, shabiki mmoja wa Simba mwenye kumbukumbu na bando anateremka hadi kwenye posti ile ya zamani, anapita kiganja, anapita kidole cha Kibu, anafika kwenye jibu lile, na chini yake anaandika: "Mkono wa pili tumeupokea. Vidole vitatu vimepotelea njiani?"

Huenda ndiyo komenti bora kuliko zote katika uzi ule. Imeingia miezi mitano imechelewa, na ina laiki mbili.